Siku ya Mwisho Ni Siku Gani? Maneno Machache Juu ya Kutafsiri Waraka wa Shule



Tumeombwa kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi wenu mmeiona ikifanyika katika ukumbi wa nyuma, pale tunapokaa watu watatu au wanne kuzunguka meza moja yenye karatasi. Shule za kulipia wanakosoma watoto wetu, na watoto wa majirani zetu, huleta nyaraka kwa Kiingereza. Baba mwenye mashine ya kukoboa mpunga husoma Kiswahili vizuri kabisa, lakini Kiingereza cha ofisi humpita. Bibi anayelea wajukuu husoma Kigujarati tu, ingawa Kiswahili anakizungumza tangu utotoni. Na yuko mzazi ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Kisukuma, asiyesoma kwa wepesi lugha yoyote, ambaye waraka huo lazima asomewe. Hao wote wanadaiwa fedha ileile, siku ileile.

Anayetaka tu kufahamu waraka unahusu nini hana shida. Mtoto mwenyewe atamweleza. Shida imo katika tarehe, saa na kiasi. Mzazi aliyeelewa waraka wote isipokuwa neno moja la tarehe ndiye ambaye mtoto wake husimama langoni siku ya kufungua shule akiwa na begi mgongoni. Kwa hiyo leo tutashika jambo hilo moja tu.

Ili tusizungumze hewani, tumetunga waraka wa mfano, unaofanana na nyaraka tunazozipata. Umeandikwa Jumatatu tarehe 23 Juni 2025. Unasema kwamba ada ya muhula wa pili ni shilingi 840,000. Kwamba kiasi kisichopungua asilimia 60 kilipwe ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua. Kwamba salio limalizwe kabla ya tarehe 29 Agosti, na atakayechelewa atatozwa shilingi 20,000 kwa kila wiki au sehemu ya wiki. Shule itafunguliwa Jumanne tarehe 8 Julai. Kisha kuna mkutano wa wazazi, utakaoamua juu ya nyongeza ya ada ya mwaka unaofuata: Jumamosi tarehe 19 Julai, saa tisa na nusu za Kiingereza asubuhi. Mzazi asiyeweza kufika anaruhusiwa kutuma mwakilishi, mradi jina la mwakilishi liwe limeingizwa katika mfumo wa shule kabla ya usiku wa manane wa Jumatano tarehe 16 Julai.

Tuanze na zile siku 14. Mfasiri mvivu ataandika "ndani ya siku 14" na kuweka kalamu chini. Hajakosea neno hata moja, lakini amemwachia mzazi hesabu, na hesabu hiyo ina mitego mitatu. Wa kwanza ni mahali pa kuanzia. Mzazi aliyepata ujumbe tarehe 26 ataanza kuhesabu tarehe 26, hali waraka umesema tangu tarehe ya barua. Wa pili ni kama tarehe 23 yenyewe ihesabiwe au isihesabiwe. Ukiiacha, siku ya kwanza ni tarehe 24 Juni, na siku ya 14 ni tarehe 7 Julai. Ukiihesabu, unaishia tarehe 6.

Mtego wa tatu ni wetu sisi wa Kigujarati, nao tunaupenda kidogo kwa sababu umejificha ndani ya lugha ya mama. Wiki kwa Kigujarati huitwa athvadiyu, neno lililotokana na aath, yaani nane. Na wiki mbili, katika mazungumzo ya kawaida ya nyumbani, huitwa "pandar divas", siku kumi na tano. Hakuna anayedanganya, ndivyo lugha inavyozungumza, kama vile mtu anavyohesabu siku ya kuondoka na siku ya kurudi pamoja. Lakini mtafsiri akiandika "pandar divas" kwa sababu inasikika vizuri kuliko "chaud divas", amempa bibi yule siku moja ya ziada ambayo shule haikuitoa. Siku ya 15 ni tarehe 8 Julai, na siku hiyo lango limeshafunguliwa.

Basi tunafungua kalenda, na hapo ndipo jambo jingine linapojitokeza ambalo halimo katika waraka wowote. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba. Ni sikukuu ya kitaifa, na benki hazifunguliwi. Siku inayotangulia ni Jumapili, na ile nyingine ni Jumamosi ambayo benki, zikifunguliwa, hufunga mapema. Kwa mzazi anayelipa dirishani, siku ya kazi kamili iliyo ya mwisho ni Ijumaa tarehe 4 Julai. Siku 14 zimekuwa 11. Anayelipa kwa simu anaweza kutuma hata siku ya sikukuu, lakini fedha iliyotumwa sikukuu yaweza isionekane katika akaunti ya shule hadi siku ya kazi inayofuata, na siku ya kazi inayofuata ndiyo siku ya kufungua shule.

Je, mfasiri aandike tarehe 4 au tarehe 7? Hapa tuna kanuni ambayo tumeishika kwa ukali, na tunaomba msituone wagumu. Tarehe ya shule hatuibadilishi. Tukianza kuandika tarehe zetu za tahadhari kana kwamba ni za shule, siku moja mzazi atagombana na mhasibu akiwa na karatasi yetu mkononi, naye mhasibu atakuwa na haki. Kwa hiyo tunaandika mambo mawili kwa mistari miwili iliyotengana. Mstari wa kwanza: "Shule inasema: siku ya mwisho ya kulipa ni Jumatatu tarehe 7 Julai 2025." Mstari wa pili, chini yake: "Angalizo la wafasiri: siku hiyo ni Saba Saba, benki zimefungwa. Anayelipa benki aende si zaidi ya Ijumaa tarehe 4 Julai." Mzazi ajue ni nani aliyesema lipi.

Mtaona pia kwamba tumetaja jina la siku, tarehe, jina la mwezi na mwaka. Hatuandiki kamwe tarakimu tupu zenye mikwaju. Hapa kwetu 7/8 ni tarehe 7 Agosti, lakini ziko programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa desturi ya Marekani ambazo humaanisha tarehe 8 Julai. Jina la siku ni mlinzi wa bure: karatasi ikisema Jumatatu na kalenda ikasema Alhamisi, hata asiyejua Kiingereza atashtuka na kuja kuuliza.

Sasa maneno ya ukingoni: kabla, hadi, kufikia. Waraka wetu umesema salio limalizwe kabla ya tarehe 29 Agosti. Tarehe 29 ni Ijumaa. "Kabla ya" ina maana kwamba Ijumaa yenyewe haimo. Siku ya mwisho ni Alhamisi tarehe 28. Lakini waraka ungetumia lile neno jingine la Kiingereza linalotamkwa "bai", Ijumaa ingekuwamo, na tafsiri yake ingekuwa "kufikia tarehe 29" au "si zaidi ya tarehe 29". Wafasiri wengi hutumia "kabla ya" kwa maneno yote mawili, kwa sababu linasikika kuwa la heshima. Na "hadi" halisaidii sana. Ukimwambia mtu "lipa hadi tarehe 29", mmoja atasema siku hiyo imo, mwingine atasema haimo, wa tatu ataelewa kwamba alipe kidogo kidogo mpaka siku hiyo. Kigujarati kina tofauti nzuri sana hapa, nayo imo katika mwisho wa neno: "sudhi" ni mpaka, jambo linaloendelea, "sudhima" ni kufikia, jambo linalotakiwa kuwa limekwisha. Ukidondosha silabi moja unapoandika haraka, umebadilisha amri. Kwa hiyo katika lugha zote tunayaepuka maneno hayo na kuandika kwa ukavu: "Siku ya mwisho ya kulipa salio ni Alhamisi tarehe 28 Agosti 2025. Ijumaa tarehe 29 umechelewa."

Na umechelewa kwa kiasi gani? "Kila wiki au sehemu ya wiki" ni maneno machache yenye meno. Yana maana kwamba aliyechelewa siku moja hulipa sawa na aliyechelewa siku saba. Atakayelipa Ijumaa tarehe 29 Agosti ataongeza shilingi 20,000. Atakayelipa Alhamisi tarehe 4 Septemba ataongeza shilingi 20,000 hizohizo. Lakini Ijumaa tarehe 5 Septemba wiki ya pili imeanza, naye ataongeza 40,000. Mifano mitatu kama hiyo huandikwa chini ya kifungu, maana mzazi anayeuza mchele hujua vizuri kupanga siku ya kupata fedha akijua ngazi za faini ziko wapi. Asipojua, husema moyoni, "nimeshachelewa siku mbili, sasa haidhuru," na kuingia wiki ya pili bila sababu.

Kuhusu kiasi hatutakaa sana. Asilimia 60 ya 840,000 ni 504,000, na salio ni 336,000; tunapiga hesabu hiyo sisi na kuiandika kwa tarakimu, kwa sababu "isiyopungua asilimia 60" haiwezi kuhesabiwa dirishani benki. Tunaandika kwa tarakimu hizi za kawaida hata ndani ya Kigujarati. Moja ya Kigujarati imefanana mno na tisa ya kawaida, na nne yake ikiandikwa haraka mtu hudhani ni nane. Katika waraka wa fedha hilo halifai. Wala maneno ya Kiswahili peke yake hayatoshi. "Elfu mia tano na nne" ni 504,000 au ni 500,004? Sikio halijui. "Laki tano na elfu nne" haina shaka, na neno laki lina raha yake kwamba ni moja kwetu sote: Msukuma wa sokoni na bibi wa Kigujarati hulitamka karibu sawa na kumaanisha kitu kimoja.

Neno ada nalo tulitazame kidogo, kwa ajili ya majirani wenye watoto katika shule za serikali. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za umma kuanzia Januari 2016, tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne. Shule hizo zikileta karatasi ya michango iliyokubaliwa na wazazi, tuandike mchango. Kwa Kigujarati neno "fi" humeza yote: ada, chakula, gari la shule, mchango wa dawati. Mfasiri anayeandika "fi" kwa mchango anampa mzazi habari isiyo ya kweli kuhusu kile anachodaiwa na kwa msingi gani.

Tumefika kwenye saa, na hapa tunaomba muda wenu zaidi.

Mkutano ni saa tisa na nusu za Kiingereza. Kila mtu katika ukumbi huu anajua kwamba kwa Kiswahili hiyo ni saa 3:30 asubuhi, kwa kuwa sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza, na hapa karibu na ikweta jua halichezi mbali na saa 12. Bibi wa Kigujarati naye anajua. Lakini mtazameni anavyofanya: akizungumza Kiswahili na muuza mboga husema saa tatu na nusu, akigeuka kuzungumza na mkwewe husema "sada nav", tisa na nusu. Ana saa mbili kichwani, na huzibadilisha pamoja na lugha bila kujua. Ndiyo maana hakosei katika mazungumzo. Kosa huja kwenye karatasi, pale mtu anapotafsiri kutoka katika tafsiri. Kijana anachukua Kiswahili chetu, anaona "saa 3:30", na kuandika kwa Kigujarati "sada tran". Bibi anasoma tatu na nusu, na kwa kuwa hakuna mkutano wa wazazi alfajiri, anajiambia ni alasiri. Anafika shuleni saa tisa na nusu za Kiswahili, akiwa amejiandaa vizuri, na kukuta viti vinapangwa juu ya meza. Nyongeza ya ada imeshapitishwa tangu asubuhi.

Kwa hiyo kila tafsiri hufanywa kutoka katika waraka wa asili, kamwe si kutoka katika tafsiri nyingine. Na katika kila lugha tunaongeza kitu kimoja ambacho wote wanacho mfukoni: "saa 3:30 asubuhi, simu itaonyesha 9:30." Simu haina lugha. Tangu tuanze kuandika hivyo, karatasi ya Kiswahili na ya Kigujarati zikiwekwa pamoja ubaoni hazionekani tena kupingana.

Lililo gumu kuliko yote ni ule usiku wa manane wa Jumatano tarehe 16. Kwa hesabu ya Kiingereza siku huanza na kuisha usiku wa manane, na papo hapo tayari kuna mashaka: ni usiku wa manane unaoianza Jumatano au unaoimaliza? Kwa desturi ya Kiswahili siku huanza jua linapozama. Mzee wa Kiswahili akisema usiku wa Jumatano, anamaanisha usiku unaofuata machweo ya Jumanne. Ndiyo maana watu waangalifu husema "usiku wa kuamkia Jumatano". Lakini vijana wengi leo husema usiku wa Jumatano wakimaanisha baada ya mchana wa Jumatano. Na bibi yetu anayefuata panchangi, kalenda ya mfungo na sikukuu, kwake siku huanza jua linapochomoza. Usiku wote wa manane mpaka alfajiri bado ni Jumatano. Watu watatu, sentensi moja, na kati yao tofauti ya saa 24 nzima. Hakuna neno la lugha yoyote litakaloponya hilo, kwa sababu waraka wenyewe haukusema.

Hapo mfasiri anaacha kutafsiri na kuuliza. Tunaandika shuleni kwa ufupi: "Je, mfumo utafungwa saa ngapi na tarehe ngapi, kwa saa inayoonekana kwenye simu?" Mpaka jibu lije, tunatafsiri kama ilivyo na kuweka angalizo: "Waraka haukueleza ni usiku upi. Anayetaka usalama aingize jina kabla ya jua la Jumanne tarehe 15 Julai kuzama." Saa hiyo haibishaniwi na kalenda yoyote kati ya hizo tatu.

Kabla karatasi haijatoka, tunaijaribu. Hatumuulizi mzazi "umeelewa?", kwa maana kwetu, Wahindi na Wasukuma vilevile, mtu mwenye adabu hujibu ndiyo ili asimchoshe aliyejitolea. Tunamwachia mama karatasi, au tunamsomea mara moja kwa Kisukuma, kisha tunamuuliza: "Mama, utakwenda benki siku gani? Utabeba shilingi ngapi? Ukienda Ijumaa tarehe 29 Agosti itakuwaje?" Akijibu tarehe 4 Julai, 504,000, na "nitaongezewa ishirini", karatasi inabandikwa. Akisita, hatumweleze kwa mdomo tukamaliza, maana wengine ishirini watasoma karatasi hiyohiyo sisi tukiwa hatupo. Tunarudi mezani na kuandika upya mstari aliousitia.

Juu ya kila tafsiri kuna maneno mawili ya kudumu: tarehe tuliyotafsiri, na kwamba waraka wa shule ndio wenye nguvu. Waraka wa asili hufungwa nyuma kwa pini, usitenganishwe. Jibu la shule likija, kama lile la usiku wa manane au la sikukuu ya Saba Saba, halichomekwi kimyakimya katika maneno ya awali. Hubandikwa juu kwa karatasi ndogo ya rangi, pamoja na tarehe ya jibu, ili aliyesoma jana ajue kwamba leo kuna jipya la kusoma.